Aliyesilimu, Aliyehiji: Wasifu Wake Uandikwe kwa Jina Gani?

Kila tunapopokea karatasi za wazee waliofariki hapa maktabani Kisumu, swali la jina halikosi. Marehemu alibatizwa akiwa kijana, baadaye akasilimu, pengine akaenda Maka na kurudi akiitwa Alhaji. Watoto wa mke mkubwa wanataka jina la ukoo litangulie, wale wa msikitini wanataka la Kiislamu, na anayeandika wasifu amebaki katikati na kalamu mkononi.

Tuchukue mfano unaojulikana na wengi: Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani. Alizaliwa upande wa Kendu Bay mwishoni mwa karne ya 19, akaitwa Onyango, na baba yake alikuwa Obama. Ukristo aliuonja kwa muda mfupi, akajiita Johnson. Kisha akasilimu, akawa Hussein, na baadaye akahamia Alego. Huyo ni mtu mmoja mwenye majina matatu ya kwanza, na kila moja lina wakati wake.

Sasa tazama daftari lake la kazi, kile kijitabu ambacho watumishi wa nyumbani walitakiwa kuwa nacho chini ya sheria ya kikoloni ya 1928. Limeandikwa “Hussein II Onyango”. Obama halimo kabisa. Mtafiti anayepekua faharasa za enzi hizo akitafuta “Hussein Obama” atarudi mikono mitupu na kudhani mzee hakuwahi kuandikishwa. Atafute “Onyango” ndipo atamfikia, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo halikubanduka, iwe kanisani, msikitini au jikoni kwa mzungu.

Ndiyo maana mimi ningeandika wasifu wake hivi: kichwa kiwe jina lake kamili la mwisho, Hussein Onyango Obama. Sentensi ya kwanza iseme alizaliwa Onyango, mwana wa Obama. Kuanzia hapo aitwe Onyango tu mpaka mwisho. Johnson litajwe mara moja, pale habari ya ubatizo inapofika, na Hussein lielezwe pale anaposilimu. Ukiandika “Hussein alichunga ng’ombe utotoni”, umemsilimisha mtoto ambaye bado hajasikia adhana. Mwaka wa kusilimu usipojulikana, usiubuni. Taja waraka wa kwanza unaomwita kwa jina jipya na mwaka wake, basi.

Jambo jingine linalowateleza waandishi ni jina la kidini lililorithiwa. Hussein liliingia katika jina la mwanawe, Barack Hussein Obama, kisha la mjukuu, ambaye ni Mkristo. Likishafika kizazi cha pili limekuwa jina la ukoo kama mengine, na halitoshi kuwa ushahidi wa dini ya mtu.

Onyango aliongeza jina. Wengine hutupa la zamani, na hapo hukumu hubadilika. Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, akayaacha majina hayo kwa hiari na kwa msimamo wa kisiasa. Wasifu wake hauna budi kuyataja, kwa sababu rekodi za ujana wake zinayabeba, lakini kumwita Adonijah katika habari za 1966, alipojiuzulu umakamu wa rais, ni kumrudishia vazi alilolivua mwenyewe. Vivyo hivyo kwa aliyesilimu na kukataa katakata kuitwa jina la ubatizo: litajwe mara moja, mwanzoni, kisha liachwe.

Na Alhaji? Hiyo ni heshima, haiingii katika mpangilio wa herufi. Jaramogi Oginga Odinga humpati kwenye J. Unamtafuta kwenye O. Alhaji naye apangwe kwa jina lake, na heshima ianze kutumika katika simulizi baada ya safari ya hija, si kabla. Kuna waliofungamanisha hija na jina jingine. Malcolm X, baada ya kuhiji mwaka 1964, alitia saini barua zake El-Hajj Malik El-Shabazz. Wasomaji wengi bado humtafuta kwa Malcolm X, kwa hiyo kichwa kibaki hicho, na jina la hija liwe katika sentensi ya kwanza pamoja na mwaka wake.

Familia zikivutana, mimi huomba karatasi za miaka ya mwisho ambazo mzee alizitia saini mwenyewe: barua, fomu ya benki, mkataba wa kuuza shamba. Aliyebadilisha jina kisheria huwa na hati iliyosajiliwa, na tangazo lake hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali likitaja jina la zamani na jipya pamoja. Kitambulisho peke yake hakitoshi, maana wengi husilimu na kuishi miaka mingi bila kukibadilisha. Programu ya mazishi ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Jina lililo juu yake lilichaguliwa na waliogharamia uchapishaji.