Mkato wa desimali katika majedwali ya fedha ya Kifaransa

Mkato wa desimali ni alama ambayo Kifaransa hutumia kutenga namba nzima na sehemu yake ya desimali, pale ambapo Kiingereza huweka nukta. Maelfu Kifaransa huyatenga kwa nafasi tupu, ilhali Kiingereza huyatenga kwa mkato. Hivyo mkato mmoja una kazi mbili, na jedwali lililohamishwa bila uangalifu linaweza kupendeza macho huku likisema uongo.

Tuchukue mstari wa mfano wa mauzo ya hisa mjini Paris, wenye tarehe, saa, bei, idadi ya hisa na thamani ya jumla:

```
03/04/2024 | 17 h 35 | 12,500 | 1 248 300 | 15 603 750,00
```

Bei ni euro 12 na nusu, lakini msomaji wa Kiingereza ataona euro elfu kumi na mbili na mia tano. Desimali tatu ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu 12,50 ingemshtua, ilhali 12,500 inapita kama namba halali. Njia ya uhakika ni kuzidisha: 12.5 mara 1,248,300 ni 15,603,750, sawasawa na safu ya mwisho.

Katika kubadilisha, mpangilio wa hatua ndio unaookoa kazi. Kwanza ondoa nafasi, kisha geuza mkato uwe nukta, na mwisho kabisa weka mikato ya maelfu. Ukianza kwa kuweka mikato penye nafasi, hatua inayofuata itakupa 15.603.750.00. Tena, nafasi hizo mara nyingi si zile za kawaida za kibodi, bali ni nafasi zisizokatika, ambazo zinafanana nazo kwa macho tu. Ndiyo maana agizo la kutafuta na kubadilisha huweza kuziruka. Katika Excel yenye mpangilio wa Kiingereza, fomula hii huziondoa na kusoma namba kwa pamoja:

```
=NUMBERVALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160),""),UNICHAR(8239),""),",",".")
```

Tarehe ni 3 Aprili, kwa kuwa Kifaransa hutanguliza siku. Mwingereza ataisoma vivyo hivyo, ila Mmarekani ataelewa 4 Machi, na programu yenye mpangilio wa Kimarekani itafanya kama yeye. Dalili yake huonekana kwenye safu nzima: tarehe za kuanzia siku ya 13 hubaki maandishi yaliyoegemea kushoto, na zilizotangulia huegemea kulia kana kwamba ziko sawa, kumbe siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Kuzirekebisha zile za kushoto peke yake ni kuacha kosa lililo baya zaidi, kwa hiyo ingiza safu upya kwa kuitaja kuwa siku, mwezi, mwaka, kisha andika jina la mwezi kwa herufi.

Saa 17 h 35, ambayo kwetu ni saa kumi na moja na dakika 35 jioni, huandikwa 17:35 au 5:35 p.m., na kichwa cha safu kitaje kuwa ni saa za Paris.