Bei ya jana isipotee kwenye tangazo la leo: jedwali dogo la simu kwa wauza nafaka

Mama lishe aliyefunga safari kutoka Kimara hadi Soko la Tandale kwa sababu aliona mchele wa Kyela kwa 2,800 kwenye WhatsApp, kisha akaukuta kwa 3,000, ana haki ya kukasirika. Mara nyingi muuzaji hakukusudia kumdanganya. Alichukua ujumbe wa jana, akabadilisha bei mbili alizozikumbuka, akautuma. Bei zilizobaki zilikuwa za jana, na pengine za juzi, lakini zote zikasomeka kama za leo.

Sisi maofisa biashara tunapokaa na wafanyabiashara wa nafaka tunawashauri waache kuhariri ujumbe wa zamani. Ujumbe uzaliwe upya kila asubuhi kutoka kwenye jedwali dogo la Google Sheets, ambalo linafanya kazi vizuri kwenye simu ya kawaida. Nitaeleza jedwali lenyewe kwa mfano wa bidhaa tatu. Bei na kilo nilizotumia ni za mfano tu.

Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Safu ya A ni jina la bidhaa, B ni bei kwa kilo, C ni kilo zilizopo stoo asubuhi, na D ni kilo ambazo tayari zina mwenyewe, yaani oda uliyokubali ingawa mzigo haujaondoka. E inajijaza yenyewe kwa kutoa D kwenye C, ukiandika hii kwenye E2 na kuinakili hadi E7:

```
=C2-D2
```

Safu ya D ndiyo ambayo wengi huiruka, na ndiyo yenye kesi nyingi. Tuseme una kilo 640 za mchele wa Kyela, na shule moja imeshalipia kilo 500 itakazozifuata mchana. Kwa macho stoo imejaa, lakini ulichonacho cha kuuza ni kilo 140. Ukitangaza kwamba mzigo upo, mteja wa kilo 200 atakuja, na hapo utalazimika kumwangusha yeye au shule. Hesabu ya C nayo iwe ya kilo zilizopimwa kwenye mizani. Magunia sita hayana maana ya kilo 600 kama mengine yalifika na lumbesa na mengine yamepungua.

Safu ya F ndiyo inayotengeneza sentensi ya tangazo. Andika hii kwenye F2, kisha inakili hadi F7:

```
=IF(B2="","",A2&": "&IF(E2<=0,"mzigo umekwisha",TEXT(B2,"#,##0")&"/= kwa kilo"&IF(E2<200," (mzigo mdogo)","")))
```

Ukiisoma taratibu utaona haina siri. Bei ikiwa haijajazwa, bidhaa haitajwi kabisa. Kilo za kuuza zikiwa zimekwisha, inasema hivyo. Zikiwa chini ya 200, inamtahadharisha mteja. Hiyo 200 ibadilishe iendane na mauzo yako; kipimo kizuri ni kiasi unachouza kwa siku moja. Sishauri kutangaza idadi kamili ya kilo, kwa sababu itakuwa si kweli baada ya mteja wa kwanza, na jirani yako wa kizimba cha pili hana sababu ya kujua stoo yako ina nini.

Sasa tarehe. Kuna fomula ya TODAY() inayoweka tarehe ya leo yenyewe, na wengi huipenda. Kwa kazi hii iepuke. Itaandika tarehe ya leo hata kama bei hujazigusa tangu Jumamosi, na hivyo itaupa ujumbe mbovu sura ya ujumbe mpya. Tarehe iandikwe kwa mkono kwenye H1, na H2 iwe na fomula hii:

```
=IF(H1="","WEKA TAREHE","*Bei za "&H1&"*"&CHAR(10)&TEXTJOIN(CHAR(10),TRUE,F2:F7))
```

Jioni unapofunga, futa H1 na futa bei zote za safu ya B. Ukitaka kumbukumbu, rudufu ukurasa mzima kwanza. Najua inaonekana ni kujiongezea kazi, lakini hapo ndipo jedwali linapokulinda. Asubuhi huwezi kupata ujumbe mpaka uandike tarehe, na bidhaa ambayo hujaulizia bei yake haitajitokeza yenyewe. Kuandika bei sita ni kazi ya dakika moja.

Kwa mfano wetu, tuongeze mchele wa Shinyanga wa 2,600 wenye kilo 80 stoo na oda ya kilo 80, pamoja na maharage ya njano ya 3,400 yenye kilo 900 na oda ya 150. H2 itatoa hivi:

```
*Bei za Jumanne 8 Julai*
Mchele wa Kyela: 3,000/= kwa kilo (mzigo mdogo)
Mchele wa Shinyanga: mzigo umekwisha
Maharage ya njano: 3,400/= kwa kilo
```

Nyota mbili zitaufanya mstari wa juu uwe mzito ukifika WhatsApp. Gusa H2 mara moja, nakili, bandika. Ukiona alama za nukuu mwanzoni na mwishoni mwa ujumbe, zifute tu.

Kabla ya kutuma, soma ujumbe wote, kwa sababu makosa ya kujaza hujionyesha humo. Ukiona "3,000/=/= kwa kilo", uliandika alama ya shilingi kwenye safu ya bei; B inataka namba tupu. Ukiona mchele unauzwa "3/= kwa kilo", huenda uliandika 2.800 kwa nukta, na jedwali likaelewa mbili na ushei. Ukiona namba kama 45846 mahali pa tarehe, uliandika 8/7. Andika kwa maneno, "Jumanne 8 Julai". Na E ikionyesha #VALUE!, kuna neno "kilo" limeingia kwenye C au D.

Kuhusu kutuma, status ya WhatsApp hudumu saa 24 na huonwa na watu mliohifadhiana namba. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi huchukua hadi watu 256, na haimfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja mpya mwombe aihifadhi palepale kizimbani.

Bei ikibadilika mchana, usirudie orodha nzima kwenye kundi. Badilisha B, futa status ya asubuhi na uweke mpya. Kwenye kundi andika mstari mmoja tu: "MABADILIKO saa 7 mchana: Mchele wa Kyela 3,100/= kwa kilo." Ujumbe wa asubuhi unaweza kuwa umeshasambazwa kwa watu usiowajua, na hao hutawafikia tena. Ndiyo maana tarehe lazima iwe ndani ya ujumbe wenyewe.

Mwisho, sambaza maandishi, usisambaze kiungo cha jedwali. Bei uliyonunulia na majina ya wadaiwa viwe kwenye faili nyingine kabisa. Kuzificha safu hakutoshi, maana aliyeruhusiwa kutazama anaweza kujitengenezea nakala ya faili na kuzifunua.