Wimbo na mageuzo, pasakalia na besi ya kujirudia: zinatofautiana wapi?

Wanafunzi wangu wengi wa muundo na uchambuzi hapa Mwanza wametoka kwenye kwaya. Sofa wanaisoma bila shida. Tulipofika kwenye mitindo ya mageuzo, kijana mmoja anayeimba besi aliuliza: "Mwalimu, zote tatu si zinarudia kitu kilekile kisha zinakipamba? Kwa nini zipewe majina matatu?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake liko mahali pawili. Kwanza jiulize ni kitu gani kinachobaki bila kuguswa. Kisha sikiliza maungio, yaani pale mzunguko mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza: je, muziki unatua, au unapita tu?

Chukua wimbo ambao watoto wa chekechea huimbia herufi za Kiingereza: do do so so la la so, fa fa mi mi re re do. Mozart aliutumia kwa piano, akaufuatisha na mageuzo 12 (K. 265). Kiini chake kina mizani 24, yaani 8 za mwanzo, 8 za katikati, kisha 8 za mwanzo zikarudi. Kipande cha kwanza na cha mwisho vinafunga kwa kadensi kamili, kama sentensi iliyowekewa nukta, na cha katikati kinasimama kwa nusu kadensi, kama sentensi iliyowekewa mkato. Geuzo la kwanza linaujaza mkono wa kulia noti za mbio, la pili linazihamishia mkono wa kushoto, la nane linaingia mainari, yaani ngazi ambayo makazi yake ni la, la 11 linakwenda taratibu sana, na la 12 linaacha mapigo mawili na kuwa na mapigo matatu. Baada ya kila geuzo mpiga piano anaweza kuinua mikono, akavuta pumzi, na hakuna kitakachoharibika. Huo ndio mtindo wa wimbo na mageuzo. Kinachotunzwa ni umbo zima la wimbo: urefu wake, vipande vyake, kadensi zake, na mara nyingi mpangilio wa hamoni. Sauti ya juu inaweza kupambwa hadi isitambulike kwa urahisi, lakini chumba ni kilekile, na mlango wake hufungwa kila mara.

Sasa njoo kwenye besi ya kujirudia. Hapa kinachotunzwa ni kifupi zaidi na kiko chini. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni maombolezo ya Dido, malkia anayekaribia kufa, katika opera ya Purcell, *Dido na Enea*, iliyofahamika tangu 1689 hivi. Besi yake ina mizani 5 tu. Kwa sofa ya mainari inashuka hivi: la, se, so, fe, fa, mi. Ni hatua za nusu toni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kisha inafunga: do, re, mi, la. Besi hiyo inasikika mara 11. Mara ya kwanza iko peke yake. Kuanzia ya pili hadi ya tisa Dido anaimba juu yake, na mbili za mwisho ni za vyombo tu.

Tuliipiga darasani. Nusu ya wanafunzi waliimba besi kwa sofa, na mimi nikapiga sauti ya Dido kwenye kinanda. Niliwaomba waimba besi wainue mkono kila waliporudi mwanzo, na wengine wainue mkono kila walipodhani Dido amemaliza sentensi. Mikono haikupanda pamoja. Besi inafunga, lakini Dido bado yuko katikati ya maneno. Akifunga yeye, besi imeshaanza kushuka tena. Jambo hilo ndilo la kulishika. Besi inaishia la na inaanza tena la, kwa hiyo mwisho na mwanzo vinakutana kwenye jina moja la noti. Juu yake Purcell anaivusha sauti kwenye maungio ili tusione mshono. Huwezi kuinua mikono ukavuta pumzi hapo kama kwa Mozart. Ukifanya hivyo unaikata sentensi ya Dido vipande viwili. Na nadhani ndiyo maana maombolezo haya yanaumiza: mauti yanarudi kwa mwendo uleule, na binadamu anajaribu kusema jambo refu kuliko muda aliopewa.

Hapo mwanafunzi mwingine akauliza kama ngoma ya bugobogobo nayo ni besi ya kujirudia, kwa kuwa mpigo unarudi na waimbaji wanabadilisha juu yake. Roho ya jambo inafanana. Lakini katika uchambuzi huu tunataka mstari wa noti unaoongoza hamoni: se inadai hamoni moja, fe inadai nyingine, na mi ile ya kadensi inadai kurudi la. Mpigo wa ngoma hauna madai hayo.

Pasakalia ni ndugu wa karibu wa besi ya kujirudia, na hapa ndipo watu hupotea. Jina lina asili ya Kihispania lenye maana ya kupita mtaani, na mwanzoni lilihusu vipande vifupi vya gitaa. Kufikia wakati wa Bach lilimaanisha kipande kizito, kwa kawaida cha mapigo matatu, mara nyingi mainari, chenye kiini cha mizani 4 au 8 kinachorudi bila kukatika. Pasakalia yake ya ogani katika C mainari (BWV 582) inaanza na kiini cha mizani 8 kikipigwa kwa miguu peke yake. Mageuzo 20 yanafuata, kisha fuga, yaani mtindo ambao sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa kiini kilekile. Tofauti na Dido ni kwamba hapa hakuna wimbo wa mtu mwingine unaopita juu ya besi. Kiini chenyewe ndicho hoja. Kwa hiyo kinaruhusiwa kuhama. Kwenye geuzo la 11 kiini kinapanda hadi sauti ya juu kabisa. Mwanafunzi anayefuatilia miguu tu anaandika kwenye karatasi kwamba kiini kimetoweka. Hakijatoweka. Hesabu mizani 8, tafuta noti zake kwenye soprano, utazikuta.

Msitegemee kichwa kilichoandikwa juu ya karatasi. Watunzi wa enzi hizo waliyachanganya majina ya pasakalia na shakoni, mtindo mwingine wa kitu kinachojirudia, na besi ya Dido haijaitwa pasakalia ingawa ina mapigo matatu na iko mainari. Mimi nabaki na utendaji: kama kiini kinasafiri na kutawala kipande kizima, nasema pasakalia, kama kinabaki chini kikimhudumia mwimbaji au chombo kilicho juu, nasema besi ya kujirudia. Mwalimu mwingine anaweza kuweka mpaka pengine, na wanafunzi wangu wanajua kwamba lazima waandike sababu.

Kipimo kigumu zaidi ninachowapa ni mageuzo ya Goldberg ya Bach, yaliyochapishwa 1741. Kuna aria ya mizani 32, mageuzo 30, na aria inarudi. Wengi huanza kuutafuta wimbo wa aria ndani ya mageuzo, na hawaupati, kwa sababu Bach hautumii. Anatunza besi na hamoni yake. Basi wanakimbilia kuandika "pasakalia". Hapo nawarudisha kwenye maungio: kila geuzo lina nusu mbili zinazorudiwa, mara nyingi za mizani 16 kila nusu, na kila geuzo linafunga mlango wake kabisa kabla lijalo halijaanza. Kinachotunzwa kimetoka upande wa besi, lakini maungio ni ya wimbo na mageuzo. Yule kijana wa besi aliyeuliza mwanzoni aliimba mstari wa chini wa aria nzima, akanyamaza kidogo, kisha akaomba tuanze tena kwenye geuzo la kwanza ili ahesabu mizani mwenyewe.