Je, wajua kwa nini kinasa cha kamera za ulinzi huwaka lakini tivii isionyeshe kitu?

"Kinasa cha kamera hapa gesti yetu ya Shela kinawaka taa zote, na waya wa HDMI nimeuchomeka mwenyewe. Mbona tivii yaandika 'No Signal' tu?"

Mara nyingi tivii huwa imefungua tundu jingine, si lile lenye waya. Tivii za siku hizi huwa na matundu mawili au matatu ya HDMI, kila moja na namba yake, na tivii huonyesha moja tu kwa wakati. Kwa hiyo usiguse kinasa kwanza. Chungulia nyuma ya tivii, soma namba iliyoandikwa kando ya tundu lenye waya, kisha shika rimoti ubonyeze SOURCE. Rimoti nyingine huandikwa INPUT, au huwa na alama ya mraba wenye mshale unaoingia ndani. Ukiona waya uko HDMI 2, chagua HDMI 2 na usubiri kidogo, maana kinasa kilichowashwa sasa hivi huchukua dakika moja au mbili kabla ya kutoa picha.

Ikiwa namba ni hiyo hiyo na bado skrini ni nyeusi, soma vizuri tivii imeandika nini, kwa sababu maneno hayo hutenganisha makosa mawili tofauti kabisa. "No Signal" maana yake hakuna kinachofika. Chomoa waya pande zote mbili uurudishe kwa nguvu, maana hewa ya chumvi ya bahari yetu hula vyuma vya matundu. Jaribu pia waya mfupi. Katika nyumba za Lamu zenye kuta nene za mawe, kinasa huwekwa juu na tivii huwa chini mapokezi, basi fundi hupitisha waya mrefu. HDMI ya shaba ikizidi mita 10 hivi huanza kuleta matatizo: picha hukatika na kurudi, au hujaa vinukta vinavyometa. Kwa masafa hayo ni bora kutumia vile visanduku viwili vinavyopeleka HDMI kwa waya wa mtandao.

Lakini ikiwa imeandika "Mode Not Supported" au "Invalid Format", waya wako ni mzima. Picha inafika, ila tivii haiwezi kuionyesha. Chukua kinasa kilichokuwa kwenye tivii kubwa ya 4K, kikawekwa kitoe 3840×2160, kisha kikahamishiwa kwenye tivii ya inchi 32 isiyopokea kiwango hicho. Hapo kubadilisha waya hakusaidii kitu. Kirudishe kwenye skrini inayokionyesha, ingia kwa kipanya katika mipangilio ya skrini ya kinasa, ushushe hadi 1920×1080, na tivii ikiwa ya zamani zaidi, 1280×720. Ukishahifadhi, ndipo ukihamishe.

Na ile tivii nene ya zamani isiyo na HDMI? Hiyo hutumia tundu la njano, na kwenye rimoti huitwa AV. Upande wa kinasa tafuta tundu la duara la kuzungusha lililoandikwa VIDEO OUT, uweke adapta ya kuligeuza liwe la njano. Angalia sana hapo, kwa maana matundu ya kamera yana umbo hilo hilo, ila yameandikwa VIDEO IN. Hayo hupokea picha, hayatoi. Kwenye baadhi ya tivii tundu la njano limeunganishwa na la kijani, na ukichagua Component badala ya AV, picha hutoka nyeusi na nyeupe au isitoke kabisa. Picha ikitoka bila rangi, au ikawa inapanda na kushuka, ilhali AV ndiyo uliyochagua, angalia kama kinasa kimewekwa mfumo wa picha wa NTSC. Huku Kenya tivii za zamani ni za mfumo wa PAL, basi kibadilishe kiwe PAL.

Vinasa vingi hutoa menyu kwenye skrini moja tu iliyo kuu. Ukiona kamera kwenye AV lakini huoni menyu wala mshale wa kipanya, huenda waya wa HDMI bado umechomekwa. Uchomoe, kisha uzime na kuwasha kinasa.

Usitarajie kusoma namba ya pikipiki kupitia AV. Picha ya PAL ina mistari 576 tu inayoonekana, na ya 1080 ina karibu mara mbili. Rekodi iliyo ndani ya kinasa haipungui kwa hilo. Ukihitaji ushahidi, itazame kwa HDMI au uinakili kwenye flashi. Kinasa kisicho na VIDEO OUT huhitaji kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV. Dukani hakikisha kimeandikwa HDMI2AV, kwa sababu AV2HDMI hufanya kazi kinyume chake, na ukichomeke kwenye umeme wa USB, la sivyo vingi havitoi picha.