Bajeti ya wodi ya wazazi kisiwani: yanayodhaniwa na yalivyo

"Mwaka jana walijifungua 300, tuandike 300."

Rejesta huhesabu waliofika tu. Chukua mfano wa kituo cha afya cha kisiwani Ukerewe kinachohudumia watu 10,000. Tukikadiria watoto 36 kwa kila watu 1,000, wanatarajiwa kuzaliwa 360 kwa mwaka. Wale 60 wasiomo kwenye rejesta walijifungulia Nansio, Mwanza mjini au nyumbani. Waulizeni wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni wangapi walizalia nyumbani, kwa sababu hao ndio mnaotaka waje, na vifaa vyao lazima viwe vimeagizwa kabla.

"Akina mama 360, oksitosini ampuli 360."

Hiyo inatosha kuzuia damu kutoka kwa wingi, kwa yuniti 10 kwa kila mama mara tu mtoto anapozaliwa. Haitoshi kutibu anayevuja damu. Kwa makadirio ya mama 6 katika kila 100, hapa watakuwa kama 22, na kila mmoja anaweza kuhitaji ampuli 4 zaidi kwenye dripu. Ongezeni 88, mfikie 448, halafu akiba juu yake, maana wastani wa 30 kwa mwezi hauzuii mwezi mmoja kuleta 40. Dawa hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likizimika siku kadhaa kwa joto la huku, ampuli zitakuwepo kabatini lakini nguvu itakuwa imepungua, na kwa macho hamtaona tofauti. Kwa hiyo gesi au betri ya jokofu iingie kwenye bajeti ya uzazi.

"Usiku muuguzi mmoja anatosha, na rufaa ni mafuta tu."

Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika, kwa kuwa zamu na usafiri huandikwa kama mambo mawili yasiyohusiana. Uchungu hausubiri mchana. Takriban nusu ya wale 360 watajifungua usiku. Sasa mama anapata kifafa cha mimba saa nane usiku. Muuguzi anampa magnesiamu salfeti, anapiga 115 ya m-mama kuomba usafiri, kisha inabidi apande naye boti, kwani mgonjwa wa namna hiyo hasafirishwi bila mhudumu. Wodini kamwacha mwingine aliyejifungua nusu saa iliyopita, anayepaswa kuangaliwa kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo. Nani anamwangalia?

Kwa hiyo kila rufaa iandikiwe gharama zake zote: petroli na oili ya injini, nahodha, maboya ya kujiokolea, nauli ya muuguzi kurudi (ziwa likichafuka anaweza kulala huko), na posho ya mwenzake anayeitwa kutoka nyumbani kushika wodi. Huyo wa kuitwa apangwe kwa jina kwenye ratiba ya kila usiku, akae umbali wa kutembea kwa miguu, na simu yake iwe na chaji.