Goti lililokwama na goti linalokamata: picha ya MRI haiamui

Nimeletewa tena bahasha ya MRI na swali lilelile: "Daktari, meniskasi imechanika, oparesheni ni lini?" Meniskasi ni kipande cha gegedu kinachokaa kama mto kati ya mifupa ya goti. Goti lenyewe hata sijaligusa. Imani hii kwamba kilichochanika lazima kipasuliwe imenichosha, kwa sababu inawapeleka kwenye kisu watu wasiokihitaji, huku wenye haraka kweli wakikaa nyumbani kutafuta hela ya kipimo.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya MRI za magoti ya watu 991 wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90, waliochaguliwa mitaani bila kujali kama magoti yanawauma. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala kukakamaa kwa goti hilo mwezi mzima uliotangulia. Baada ya miaka 50, mchaniko kwenye picha unaweza kuwa ni umri tu.

Ndiyo maana mimi naanza na swali moja: goti linanyooka lote?

Lala kifudifudi kitandani, mapaja yakae kwenye godoro na miguu kuanzia magotini ining'inie nje. Ilegeze. Mtu mwingine asimame nyuma atazame visigino. Vikiwa sawa, goti linanyooka. Kimoja kikibaki juu, kila sentimita moja ya tofauti ni takriban digrii moja inayokosekana.

Kijana wa miaka 22 alikuja baada ya kujipinda goti akicheza mpira uwanja wa vumbi, buti likiwa limeng'ang'ania chini mwili ukigeuka. Goti lilivimba kesho yake asubuhi, na tangu hapo halikunyooka. Kisigino kilikuwa juu sentimita 15 hivi. Nilipojaribu kulinyoosha taratibu lilifika mahali likadunda na kurudi, na uchungu ukawa upande wa ndani, pale pale kwenye mstari wa kiungo. Huku ndiko kukwama. Kipande kirefu cha meniskasi, tunachokiita mpini wa ndoo, kimepinduka na kukaa katikati kama kabari chini ya mlango. Nyumbani walikuwa wameshamwita mtu wa kuchua alivute. Msifanye hivyo, jamani! Ukilazimisha, unakisaga kipande ambacho bado kingeshonwa.

Hata hivyo, siku za mwanzo siwi na uhakika kila mara. Maji yaliyojaa ndani ya goti na msuli wa nyuma ya paja uliojikaza kwa maumivu huzuia goti vilevile. Huwa natoa dawa ya maumivu, barafu na magongo, kisha napima tena baada ya siku chache. Likilegea, vizuri. Lisipolegea, hapo MRI ina kazi, na daktari wa upasuaji amwone ndani ya siku chache, asisubiri miezi. Goti likiwa la moto na mtu ana homa, hiyo ni habari nyingine: aende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mama wa miaka 54, mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Aliinuka kutoka kuchuchumaa shambani akageuka, goti likalia. Tangu hapo linakamata akipanda ngazi, analitikisa, linaachia. Visigino vyake vilikuwa sawa kabisa. MRI yake iliandika mchaniko, na wanawe walishaanza kuchanga.

Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65 wenye michaniko ya aina hii waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakakatwa kipande kwa upasuaji wa kamera inayoingizwa gotini kupitia tundu dogo, wengine wakatobolewa ngozi bila kukatwa kitu. Baada ya mwaka mmoja hali zao hazikutofautiana, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha hata kukamata hakukupungua zaidi kwa waliokatwa. Nilimwambia tujenge msuli wa paja kwa mazoezi miezi mitatu kwanza. Kukamata kumepungua, hakujaisha. Kama maumivu yangebaki yaleyale baada ya hapo tungezungumza kuhusu kamera, ingawa kwa umri wake sina njia ya kujua mapema ni nani itamfaa.

Kijana alishonwa. Ukingo wa nje wa meniskasi una mishipa ya damu, kwa hiyo unaweza kuunga. Ndani hakuna, na huko mara nyingi hukatwa. Kukata humrudisha mtu kazini mapema, lakini goti hubaki na kinga ndogo dhidi ya kusagika. Kushona kunadai subira: mpira baada ya miezi sita hivi, na miezi ya mwanzo hakuna kuchuchumaa. Nyumbani kwao choo ni cha shimo, kwa hiyo kabla ya kumpangia tarehe nilimwambia baba yake atafute fundi atoboe kiti cha mbao.