Mwenye kadi akisema “Si mimi niliyelipa”

Malipo ya kadi yakipingwa, jambo la kwanza ninalosoma ni msimbo wa sababu. Kwa Visa, 13.1 maana yake mteja anadai mzigo haukumfikia, na 10.4 maana yake mwenye kadi anakana kwamba alilipa mtandaoni. Kila dai lina ushahidi wake. Kuna mwaka nilijibu 10.4 kwa kurasa kumi na nne za picha za mzigo mlangoni pamoja na saini ya aliyeupokea, nikashindwa, na kwa haki. Mzigo kufika hakuonyeshi ni nani aliyetumia kadi.

Kwa 10.4, Visa ilianza Aprili 2023 kutumia kanuni inayotazama historia ya mteja. Unatafuta manunuzi mawili ya zamani kwa kadi ileile, dukani kwako, ambayo hayakuripotiwa kuwa ya wizi. Yawe na umri wa siku 120 hadi 365 kabla ya tarehe ya pingamizi. Kisha angalau alama mbili zifanane na ununuzi unaobishaniwa: anwani ya IP, kitambulisho cha kifaa, akaunti ya mteja au anwani ya kupelekea mzigo. Moja kati ya hizo lazima iwe IP au kifaa.

Tuseme pingamizi limefunguliwa tarehe 9 Juni. Mteja ana oda tatu za nyuma: 3 Novemba, 12 Januari na 20 Machi. Ya Machi ina siku 81 tu, iache hata kama inavutia. Ya Januari ina siku 148, ya Novemba 218, hizo zinafaa. Akaunti ni ileile katika zote, lakini IP imebadilika, kama ilivyo kawaida kwa watu wa simu. Kinachookoa kesi hapa ni kitambulisho cha kifaa, na kama mfumo wako haukukihifadhi tangu Novemba, huwezi kukitengeneza leo. Nikishavipata, naweka oda hizo mbili na ile inayobishaniwa kwenye jedwali moja la ukurasa mmoja, pamoja na maelezo ya bidhaa. Anayepitia kesi benki hana muda wa kuchambua hadithi yangu.

Daftari langu la kesi ni la kawaida: namba ya kesi, msimbo, kiasi, siku ya mwisho, siku niliyotuma, matokeo. Siku ya mwisho naichukua kwenye taarifa ya mchakataji wa malipo, maana naye anajikatia muda wake kabla ya kupeleka faili mbele. Nina safu moja zaidi, “fedha zilisharudishwa?”, niliyoiongeza baada ya mwenzangu, kwa huruma, kumrudishia mteja pesa huku benki imeshazichukua kwa pingamizi. Tulilipa mara mbili. Siku hizi kesi ikifunguka, kitufe cha kurudisha pesa kwenye oda hiyo nakifunga kwanza, ndipo naanza kutafuta IP.